Jina Lililosubiri Mfadhili

Tuwachukulie vijana sita wa Tarime mjini. Nimewatunga, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuwatafuta mtaani, lakini njia waliyopita ni ile inayopitwa na vikundi vingi. Walitaka kuzoa taka majumbani na madukani kwa malipo ya mwezi, kisha chupa za plastiki na chuma chakavu wavichambue na kuviuza kwa kilo. Mtaji waliuona halmashauri. Utaratibu unazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024, na vikundi vikaanza tena kuandika katiba na kutafuta majina.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa bila kelele. Jina la kikundi huandikwa ili lipendeze machoni pa afisa maendeleo ya jamii. Ndiyo maana vikundi vyetu vingi vinaitwa Upendo, Juhudi au Tumaini. Wetu walijiita Tumaini Jipya la Mazingira. Mkopo ulipotoka walinunua guta, na fundi wa rangi alipouliza aandike nini, wakampa jina lililokuwa kwenye fomu. Aliongeza mkono ulioshika jani. Hakuna aliyeuliza kama jina la kuombea mkopo linafaa pia kudai ada mlangoni.

Ada yenyewe ilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi, si nyingi. Nyumba ya kwanza mama aliwakaribisha vizuri, akawasifu, akauliza: "Wanangu, mradi wenu ni wa miaka mingapi?" Nyumba ya pili mzee alitoka na kikombe chake cha chai, akasoma ubavuni mwa guta taratibu, akasema: "Mura, hao waliowatuma hawajawalipa mpaka mje kwangu?"

Mzee hakuwa bahili. Alisoma jina kama lilivyoandikwa. Watu wa Tarime na Serengeti wamezoea kuona majina ya aina hiyo, na wanajua yanamaanisha nini. Vijiji vinavyozunguka mgodi wa North Mara vimepokea madarasa na visima kupitia fedha za mgodi kwa jamii. Mugumu kuna nyumba salama za wasichana wanaokimbia ukeketaji, zinazoendeshwa kwa michango, na huko neno la matumaini liko mahali pake. Upande wa hifadhi kuna miradi ya ujirani mwema. Kote huko mwenye kulipa yuko mbali, na mwenyeji kazi yake ni kupokea, kuhudhuria mkutano na kusaini mahudhurio. Ukimjia na guta lililoandikwa Tumaini Jipya, amekwisha kukupanga kwenye kundi hilo kabla hujafungua mdomo.

Vijana walidhani tatizo ni bei. Wakashusha hadi 2,000 na mambo hayakubadilika. Lakini bei mbaya na jina baya havitoi dalili moja. Bei ikiwa kubwa, mteja hubishana nayo: atasema punguza, atauliza kwa wiki ni ngapi, ataomba achangie na jirani. Jina likiwa baya, mteja hagusi bei kabisa. Anauliza mmetumwa na nani. Dalili ya pili ni ya mwezi wa pili. Aliyelipa mwezi wa kwanza haendelei, wala halalamiki huduma, kwa sababu moyoni mwake alitoa mchango, na mchango haudaiwi kila mwisho wa mwezi. Dalili ya tatu ndiyo inayoumiza kuliko zote: wasiolipa nao wanatoa viroba vyao nje siku ya guta, mchana kweupe, bila aibu. Hawaibi. Wanaamini huduma ni ya jamii.

Serengeti walikwenda kwa matumaini zaidi. Loji na kambi za watalii zilizo karibu na Robanda na lango la Ikoma hutoa chupa, makopo na maboksi kwa wingi, na haziwezi kuacha taka zikalale porini fisi na nyani wakazichambue. Ni mteja anayehitaji kazi ifanywe na aliyezoea kulipa wauzaji wake kwa ankara. Walipokelewa kwa furaha. Walipewa chai, glavu na fulana. Wageni waliombwa wapige nao picha. Meneja mmoja akawaambia kwa roho safi kabisa kwamba ameamua kuwachangia chupa zote za kambi yake. Wakatoka na viroba vilivyojaa, bila mkataba.

Chupa tupu za maji za nusu lita zinahitaji kuwa zaidi ya 50 ili zifike kilo moja. Safari kutoka Robanda hadi Mugumu, na kutoka hapo hadi kwa mnunuzi wa jumla, inakula mafuta bila kujali kwamba chupa zilikuwa za bure. Kilichokuwa kiwalipe ni ada ya kuzoa, na ada hiyo ndiyo jina lao lilikuwa limeisamehe.

Wakarudi Tarime na hasira, na hasira ikawapeleka upande wa pili. Walifuta mkono na jani, wakaandika kwa herufi kubwa: WAZOA TAKA TARIME. Nitakuwa mkweli kwamba hili lilikuwa bora. Hakuna tena aliyeuliza mradi ni wa nani. Mitaani malipo yalianza kuingia. Shida ilikuja kwa wateja wakubwa. Mwenye nyumba ya wageni hakutaka guta lile lisimame getini wakati wageni wanakunywa chai. Mnunuzi wa mbolea ya mboji, ambayo walianza kuitengeneza kwa maganda ya ndizi ya sokoni, aliona neno TAKA kwenye mfuko akaurudisha chini. Hata vijana wenyewe, walipoulizwa na wakwe wanafanya kazi gani, walisema wako kwenye usafirishaji.

Mtu atanikumbusha kwamba Nairobi ipo TakaTaka Solutions, iliyoanza mwaka 2011 na bado inazoa. Ni kweli, na jina hilo halikuiua. Lakini angalia limejengwaje. Neno la kwanza linataja kitu chenyewe bila kuficha, la pili linasema hapa kuna kampuni yenye ufumbuzi na ankara. Wazoa Taka linamtaja mtu kwanza, kisha kitu anachokiinamia. Mteja anaposoma anamwona mtu jalalani, haoni huduma.

Mfano ulio na mafunzo zaidi uko Mukuru, Nairobi hiyohiyo. Kampuni ya Sanergy ilianza kufungua vyoo vyake huko mwaka 2011. Biashara yao ilikuwa ngumu kuitaja kuliko taka yoyote: kukusanya kinyesi kila siku na kukigeuza bidhaa za shamba. Vyoo hawakuviita Sanergy. Waliviita Fresh Life, vikapakwa rangi zinazoonekana kwa mbali, na wenyeji waliovinunua na kuvisimamia wakawa wafanyabiashara wa Fresh Life. Mbolea iliyotoka upande wa pili ilipewa jina jingine, Evergrow, ambalo halina harufu yoyote ya choo ndani yake. Baadaye upande wa shamba ulipata hata jina la kampuni, Regen Organics. Mzigo ni uleule mmoja, lakini anayelipa kuingia chooni na anayelipa gunia la mbolea hawakutani kwenye jina. Hawakudanganya mtu, mkulima akiuliza mbolea imetoka wapi anaambiwa. Ila hatangaziwi kwenye mfuko.

Vijana wetu walikuwa na wateja watatu chini ya jina moja: anayelipa taka ziondoke, anayeuza chupa kwao, na anayenunua mboji. Walipoketi upya walianza na yule wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayeleta fedha ya kila mwezi. Anataka nini? Hataki kuokoa mazingira asubuhi ya Jumanne. Anataka kujua mnapita lini, ili kiroba kisilale nje mbwa wakakipasua. Jina walilolifikia ni Zamu, na chini yake wakaandika siku na namba ya kulipia.

Hawakulipaka mara moja. Walichora majina matatu kwenye maboksi, wakaenda stendi ya Mugumu na sokoni Tarime, wakaonyesha moja moja bila maelezo na kuuliza: gari lililoandikwa hivi linafanya nini, na nani analilipa? Swali la pili ndilo la maana, na watu wengi hulisahau. Jina lililoshindana zaidi na Zamu lilikuwa Usafi Mji, lililoanguka hapohapo, maana wengi walijibu kwamba linalipwa na halmashauri. La tatu lilikuwa na neno Serengeti. Kila mtu alilipenda, hakuna aliyelikumbuka baada ya saa moja. Bia, timu ya vijana na mabasi wamelitumia mpaka limechoka. Tena jina la mahali ni gumu kulisajili kuwa alama yako peke yako, kwa sababu jirani naye ana haki ya kusema yuko Serengeti.

Waliwauliza pia wazee walitamke. Huku kwetu ulimi wa wengi huigeuza l kuwa r, na jina kama Taka ni Mali litarudi kwako kwenye karatasi ya malipo likiwa Mari. Zamu halina pa kuteleza. Na kwenye simu, mteja akiingiza lipa namba, jina humtokea kabla hajaweka namba ya siri. Likiwa refu hukatwa, likiwa geni anasita na kughairi.

Jina la biashara waliliandikisha BRELA kwa mtandao, baada ya kulitafuta kwanza kama lina mwenyewe. Lakini usajili huo haukupi haki ya kumzuia mwingine kulitumia kama alama. Hiyo huombwa kando, hukohuko BRELA, kwa daraja la huduma: uzoaji na usafirishaji wa taka uko daraja la 39, urejelezaji daraja la 40. Ukilipia moja tu, la pili liko wazi. Sehemu ya kununua chupa waliiandikia ubao tofauti wenye bei ya kilo ya siku hiyo kwa chaki, bila jina lolote, na mboji wakaiacha kwanza isubiri jina lake.

Tumaini Jipya la Mazingira halikufa. Liko kwenye mkataba wa mkopo, na marejesho yataendelea kulipwa kwa jina hilo mpaka yaishe. Kule Robanda walirudi kwa meneja yuleyule wa chupa za mchango, safari hii na karatasi moja: Zamu, Jumatatu na Alhamisi, bei kwa kiroba, ankara mwisho wa mwezi. Alisoma, akauliza kama bei inaweza kupungua.