Nani Aliua Bafa?

Kwenye daftari la maabara niliandika hivi: "Ligesheni imefeli. Stima ilipotea usiku." Sentensi mbili, na zote ni za kweli. Shida ni kwamba zikikaa pamoja hivyo, zinadanganya.

Tulikuwa tunaunganisha kipande cha jini ya p67 na plasmidi. Hiyo p67 ni protini ya juu ya kimelea cha ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao Wamaasai wa Kajiado wanauita oltikana. Kinachounganisha ni kimeng'enya kinaitwa ligesi, na ligesi haifanyi kazi bila ATP, ambayo imo ndani ya bafa yake. Ukiyeyusha na kugandisha bafa mara kwa mara, ATP inaharibika.

Asubuhi nilihesabu sahani. Ya plasmidi nzima ilikuwa na koloni zaidi ya 200, kwa hivyo bakteria wako fiti. Ya ligesheni: 3. Ya plasmidi iliyokatwa, bila ligesi: 2, yaani zile zilizoponyoka kukatwa. Iliyonishtua ni ya nne. Hiyo ni plasmidi iliyokatwa kwa kimeng'enya kimoja tu, ncha zake zinalingana, na fosfati zake hatukuzitoa. Ukiipa ligesi, inajifunga yenyewe. Koloni 4! Basi hata kama kipande cha p67 kina makosa, si cha kushuku kwanza.

Nikanusa bafa. Ikiwa nzima, hunuka kama yai viza. Hii ilikuwa karibu haina harufu. Pua si ushahidi, lakini inakuonyesha pa kuanzia.

Mwenzangu akasema, "Manze, tubadilishe kila kitu, ishike tuendelee." Labda ingeshika. Lakini hatungejua kilichoitibu, na wiki ijayo tungerudi palepale. Kwa hivyo kesho ni mirija mitatu, plasmidi ileile ya kimeng'enya kimoja, ligesi ileile, kila mmoja mikrolita 20. Wa kwanza una bafa ya zamani. Wa pili una bafa ya zamani na mikrolita 2 za ATP mpya ya milimola 10. Wa tatu una bafa mpya. Wa pili ukifufuka, ilikuwa ATP. Ukifufuka wa tatu pekee, kuna kingine kilichoharibika ndani ya bafa. Yote ikikataa, nitageukia ligesi na ncha zenyewe.

Sasa ile sehemu ambayo sikuandika. Jumatano niliacha bafa hiyohiyo juu ya meza nikaenda lanchi, saa mbili nzima, na joto la Kitengela unalijua. Hakuna aliyeniona. Mirija itanionyesha kama bafa imekufa, lakini haiwezi kunionyesha kama iliuliwa na stima ama na mimi. Hakuna kontroli ya hiyo.

Nikapiga mstari mmoja juu ya neno "stima", mwembamba, lisomeke bado. Chini yake nikaandika: "Bafa ilikaa nje Jumatano, karibu saa 2. Niliisahau mimi. Stima pia ilipotea. Chanzo hakijulikani." Nikaweka sahihi, nikaenda kuandika nambari kwenye mirija.