Divai Nyekundu na Shahidi wa Pili

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 18:17, Danieli 1:8–16, Mwanzo 3:1–6, Mithali 20:1, 1 Timotheo 5:23, 1 Wakorintho 6:19, 20.

Fungu la Kukariri: Mithali 18:17

Mzee mmoja wa kanisa jijini Dodoma, mwenye umri wa miaka 58, humeza dawa za shinikizo la damu kila asubuhi. Jioni moja mwanawe anafika na chupa ya divai nyekundu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?”

“Baba, hii si pombe ya kulewa. Ni dawa ya moyo. Glasi moja tu kabla ya kulala. Ndani yake kuna kitu kinaitwa resveratroli, kinalinda mishipa ya damu.”

Mzee huyo hajaonja kileo tangu abatizwe. Lakini baba yake mzazi alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, naye hajasahau. Anaiweka chupa juu ya kabati, anakaa kimya.

Kijana hakukusudia kumdanganya baba yake. Alisema aliyoyasikia. Swali la juma hili ni hili: je, aliyoyasikia ni habari yote? Fungu la kukariri linafundisha kwamba anayetangulia kueleza shauri lake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Juma hili shahidi wa pili ataitwa.

JUMAPILI
Shahidi wa Kwanza

Soma Mithali 18:17. Kwa nini maelezo ya upande mmoja huvutia hata pale yanapokuwa na ukweli ndani yake?

Mwezi wa Novemba 1991, kipindi maarufu cha televisheni nchini Marekani kiliuliza jambo la kushangaza. Wafaransa walikula siagi, jibini na nyama yenye mafuta kwa wingi, lakini takwimu zilionyesha kwamba walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko Wamarekani. Mwanasayansi Serge Renaud, aliyefanya kazi Bordeaux, alieleza kwamba huenda sababu ni divai nyekundu. Baada ya kipindi hicho, mauzo ya divai nyekundu nchini Marekani yalipanda sana.

Mwaka uliofuata watafiti waliripoti kuwa divai ina resveratroli. Hii ni kemikali ambayo mzabibu huitengeneza katika ganda la tunda ili kujikinga na kuvu. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, ndiyo maana huwa nayo nyingi kuliko divai nyeupe. Katika maabara, kemikali hiyo ilionyesha matokeo mazuri kwenye chembe hai na kwa panya.

Hayo yote ni kweli. Lakini shahidi wa kwanza hakutaja upande wa pili wa Ufaransa ileile, ambako kwa miongo mingi wanaume wengi walikufa kwa ugonjwa wa ini uliosababishwa na unywaji. Mtu aliyehesabu mioyo peke yake hakuyaona makaburi hayo.

JUMATATU
Kilichomo Katika Glasi

Soma Mithali 20:1. Sulemani anasema divai humdanganya mtu kwa namna gani?

Njia rahisi ya kuichunguza habari ya kijana ni kupima kilichomo katika glasi. Kiasi cha resveratroli hutofautiana kati ya chupa na chupa, lakini katika divai nyekundu ya kawaida ni kama miligramu 2 kwa lita, na mara nyingi chini ya hapo. Glasi moja ya mililita 150 basi ina kama miligramu 0.3.

Majaribio mengi ya resveratroli kwa watu hayakutumia divai. Yalitumia vidonge, na mojawapo linalojulikana lilitumia miligramu 150 kwa siku. Ili mzee wa Dodoma apate miligramu 150 kwa njia ya divai, angehitaji glasi 500 kila siku, yaani chupa 100 za mililita 750. Tena sehemu ndogo sana ya resveratroli iliyomezwa hufika katika damu ikiwa bado katika hali yake, kwa sababu utumbo na ini huibadilisha upesi.

Sasa pima kitu cha pili katika glasi hiyohiyo. Divai yenye kileo cha asilimia 12.5 ina karibu gramu 15 za alkoholi katika mililita 150. Gramu 15 ni miligramu 15,000. Kwa hiyo kwa kila miligramu moja ya resveratroli, mnywaji humeza miligramu 50,000 za alkoholi. Kijana alikitaja kitu kidogo kabisa kilichomo katika glasi, akakiacha kikubwa.

Fikiri: Je, dawa ingeruhusiwa kuuzwa kama lebo yake ingetaja sehemu moja tu kati ya sehemu 50,001?

JUMANNE
Wakulima wa Chianti

Kama resveratroli ya chakula na divai ingekuwa kinga ya moyo, basi wale wanaoipata kwa wingi zaidi wangeugua kidogo zaidi. Jambo hili lilichunguzwa katika eneo la Chianti nchini Italia, mahali ambapo divai nyekundu ni sehemu ya mlo wa kila siku.

Watafiti walichagua wazee 783, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Hawakutegemea kumbukumbu za watu kuhusu walichokunywa. Walikusanya mkojo wa saa 24 na kupima mabaki ya resveratroli ndani yake. Kisha wakawafuatilia kwa miaka tisa. Katika muda huo watu 268 walifariki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wazee wenye resveratroli nyingi mwilini hawakuishi muda mrefu kuliko wenye kidogo. Hawakupata magonjwa ya moyo kwa uchache zaidi, wala saratani kwa uchache zaidi. Utafiti huu haukuthibitisha kwamba vidonge vya kiasi kikubwa haviwezi kusaidia kitu chochote. Hilo ni swali jingine. Ulionyesha kwamba kiasi ambacho watu hukipata mezani hakikuleta kinga iliyotarajiwa.

JUMATANO
Kulinganisha kwa Haki

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba walinganishwe akina nani, na kwa muda gani?

Danieli na wenzake waliikataa divai ya mfalme, wakaomba kujaribiwa kwa siku kumi. Vijana waliolinganishwa walikuwa wa rika moja, katika jumba moja. Haki ya jaribio hutegemea ni nani analinganishwa na nani.

Kwa miaka mingi tafiti zilionyesha kwamba wanaokunywa kidogo huugua moyo kwa uchache kuliko wasiokunywa kabisa. Lakini wasiokunywa ni akina nani? Mwaka 1988 watafiti wa Uingereza, waliokuwa wakiwafuatilia wanaume 7,735 wa umri wa miaka 40 hadi 59, walionyesha kwamba katika kundi hilo walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu walikwisha kuugua. Kwa maoni yao, glasi haikuwa imewalinda wanywaji. Wagonjwa walikuwa wamehamia kundi la pili.

Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa China ulipita njia nyingine. Watu wengi wa Asia ya Mashariki huzaliwa na vinasaba vinavyofanya pombe iwaumize, hivyo hunywa kidogo. Hakuna anayechagua vinasaba vyake kwa sababu anaumwa. Watafiti walipolinganisha watu kwa vinasaba hivyo, kinga ya kunywa kidogo dhidi ya kiharusi ilitoweka. Shinikizo la damu na hatari ya kiharusi vilipanda kadiri unywaji ulivyoongezeka. Kwa shambulio la moyo, hawakuona kinga iliyo wazi.

Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, hili si jambo la mbali.

ALHAMISI
Kilichoachwa Bila Kusemwa

Soma Mwanzo 3:1–6. Hawa aliona mambo gani mazuri katika lile tunda? Ni jambo gani ambalo nyoka alilikana?

Hawa alitazama uzuri wa tunda, na mauti ikaondolewa katika hesabu. Habari ya divai nyekundu hufuata njia hiyohiyo. Huanza na ganda la zabibu na kunyamaza kuhusu alkoholi.

Kwanza, moyo wenyewe. Pombe huweza kuvuruga mpangilio wa mapigo ya moyo, na mapigo yaliyovurugika huweza kutengeneza bonge la damu linalokwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020, wanywaji 140 wenye tatizo hilo waligawanywa kwa kura. Nusu waliombwa kuacha pombe, nusu wakaendelea. Ndani ya miezi sita tatizo lilirudi kwa 73 kati ya kila 100 walioendelea, na kwa 53 kati ya kila 100 walioombwa kuacha. Kuacha hakukuponya wote, lakini kulisaidia.

Pili, saratani. Mwili huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya chembe hai. Tangu mwaka 1988 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeviweka vinywaji vya kileo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Saratani hizo ni za kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Kwa mwanamke, kila gramu 10 za alkoholi kwa siku huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa karibu asilimia 7, na glasi moja ina gramu 15. Alkoholi ya divai ni ileile ya bia na gongo. Rangi nyekundu haiibadilishi.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Timotheo 5:23 na 1 Wakorintho 6:19, 20.

Wengine husema Paulo alimruhusu Timotheo. Fungu lenyewe linataja tumbo na magonjwa ya mara kwa mara ya mtu mmoja, na kiasi kidogo. Halitaji moyo, wala halimwelekezi mtu mwenye afya kuanza kunywa ili asiugue. Hata Timotheo, inaonekana, alihitaji kuambiwa. Hakuwa na desturi hiyo.

Siku chache baadaye yule kijana anarudi. Mzee anamketisha, wanapiga hesabu pamoja kwenye karatasi: 0.3 upande mmoja, 15,000 upande wa pili. Kijana anaitazama karatasi kwa muda mrefu.

“Nilitaka tu usiondoke kama babu.”

“Najua, mwanangu. Kwa hiyo kesho nisindikize kliniki wakanipime shinikizo. Na ukipita barabarani, niletee zabibu za hapa kwetu.”

Zabibu hizo nazo zina resveratroli kidogo tu, na mzee hazili kwa ajili hiyo. Anazila kwa sababu ni tunda, na halina kile kilichokuwa ndani ya chupa. Dawa zake anaendelea kuzimeza kila asubuhi.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu akikuambia kwamba daktari alimshauri anywe divai nyekundu kwa ajili ya moyo, utamwuliza maswali gani kabla ya kumpinga?

2. Kijana alisukumwa na upendo na hofu. Darasa lenu linawezaje kusahihisha habari bila kumwaibisha aliyeileta?

3. Ni madai gani mengine ya afya yanayosambaa kati ya waumini yakiwa na shahidi mmoja tu? Shahidi wa pili atatafutwa wapi?