Umeota Tembo: Usikimbilie Kamusi ya Ndoto



Asubuhi kwenye magrupu yetu haikosi mtu: “Jamani, nimeota nyoka, maana yake nini?” Dakika mbili tu anarushiwa orodha. Nyoka ni adui wa karibu, tembo ni cheo, nyeupe ni baraka, saba ni bahati. Wengine namba za ndotoni wanazipeleka moja kwa moja kwenye mkeka wa kubeti. Hasara ya hela ni ndogo. Kubwa ni huyo “adui wa karibu”, maana kijana aliyeota nyoka anaanza kumtazama shangazi au bibi kizee wa jirani kwa jicho la uchawi, na bibi wa watu hajui hata kosa lake.

Sasa fungua Mwanzo sura ya 40. Gerezani Misri wanaota watu wawili, usiku mmoja. Mnyweshaji wa Farao anaota mzabibu wenye matawi matatu, akiminya zabibu katika kikombe cha mfalme. Mwokaji anaota vikapu vitatu kichwani, ndege wakidonoa vyakula. Kwa wote wawili tatu ni siku tatu, lakini mmoja anarudishwa kazini na mwingine anatundikwa. Sura ya 41, saba ya Farao inakuwa miaka. Na ya ng’ombe wazuri ni neema, ya waliokonda ni njaa. Kamusi inayosema “tatu ni heri” ingemdanganya mwokaji kweupe. Tena tazama: kila mmoja ameota vitu vya kazi yake mwenyewe. Yusufu alipewa tafsiri na Mungu, na alikiri hivyo. Sisi hatuna orodha ya kurithi kutoka kwake.

Hata wasioshika Biblia waliliona hili. Artemidoro, Mgiriki wa karne ya 2, aliandika vitabu vitano vya kutafsiri ndoto, lakini alisisitiza kwanza umjue mwotaji: ni nani, anafanya kazi gani, ana hali gani. Freud, daktari wa Vienna, katika kitabu chake chenye mwaka 1900, alikwenda mbele zaidi: mwulize mwotaji mwenyewe kila picha inamkumbusha nini. Hakuwa mtu wa dini, ila hapo alishika jambo.

Chukua namba 27. Kwenye kamusi inaweza kuwa chochote. Lakini kwa kijana wa Songea aliyekua akihudhuria kumbukizi ya mashujaa wa Maji Maji walionyongwa hapa Februari 27, 1906, namba hiyo inanuka makaburi na ngoma. Kwa rafiki yake ni namba tu ya chumba cha hosteli.

Tuseme binti wa Tunduru anayesoma hapa mjini ameota tembo kaingia jikoni kwa babu, mlangoni kumeandikwa 40, naye kashika debe lakini mkono haunyanyuki. Kamusi itamwambia: cheo kinakuja. Yeye aanze hivi. Kabla ya kugusa simu, aandike ndoto kama ilivyokuwa, pamoja na hisia aliyoamka nayo. Si hofu, ni aibu. Halafu achukue picha moja moja, ajiulize: nini kinanijia kwanza? Tembo: usiku walipovamia mahindi ya babu na familia nzima ikatoka kupiga madebe. Arobaini: arobaini ya babu, ambayo hakwenda kwa sababu ya mitihani. Mwisho ajiulize jana kulitokea nini. Jana mama alipiga simu kusema bibi anaulizia.

Sasa picha zote zinakaa pamoja, na ile aibu inaeleweka: wenzake walikuwa msibani, yeye hakuwepo. Hapo ana la kufanya: ampigie bibi, aombe nia ya Misa kwa ajili ya babu, likizo apite kaburini.

Utajuaje tafsiri imesimama? Iguse ndoto nzima, siyo kipande kinachokufurahisha, na ieleze hisia yako. Ikuoneshe jambo la moyoni mwako unaloweza kulipima kwa maisha yako. Ikikutajia mchawi, au namba ya kubeti, hiyo siyo. Maana hata kumbukumbu zetu tunaweza kuzipinda zituambie tunachotaka, ndiyo maana ni vizuri kumsimulia mtu mzima unayemwamini, au padre wako. Na usilazimishe: ndoto nyingine ni homa tu, au ugali wa saa nne usiku.

Yoshua bin Sira, sura ya 34, anamfananisha anayetegemea ndoto na mtu anayekamata kivuli, ila anaacha nafasi kwa ile iliyotumwa na Aliye Juu. Katekisimu namba 2116 inakataa ramli na njia zote za kuchungulia yajayo. Kujua kinachokusumbua leo siyo ramli. Ni sehemu ya kutafiti dhamiri.

Usiku wa leo weka daftari na kalamu kando ya kitanda. Simu iache mbali.

Tuombeane.
Frateri wenu, Songea