Kusafisha Usemi wa Mhojiwa

Mhariri anayegeuza mahojiano kuwa nathari hufuta kwanza "eeh", "yaani" na "nanii", na mara nyingi hamdhulumu mtu. Hata hivyo, "yaani" inayofafanua neno lililotangulia ni sehemu ya hoja, na "nanii" yaweza kuwa jina lililofichwa makusudi wala si lililosahauliwa.

Mianzo iliyokatizwa ina uzito zaidi. Chukuliwe mfano wa kubuni: mzee aulizwa habari za shamba la ukoo, naye ajibu, "Tuliuza... waliuza, eeh, wakubwa waliuza." Nathari safi itasema, "Wakubwa waliuza." Sarufi imenyooka, lakini kiambishi "tu-" kimepotea, na pamoja nacho kule kujitoa kwa msemaji katika tendo. Hapo "eeh" ifutwe, mwanzo ule ubaki. Lau angesema "Tuliu... tuliuza", kukwama huko kungefutwa bila hasara, kwa kuwa nafsi haikubadilika.

Ugumu huja mhojiwa anaposomewa nakala, naye akaomba ile "tuliuza" iondolewe. Mhariri akikubali, matakwa ya msemaji yatakuwa yametimizwa, ila kanda itabaki na neno ambalo msomaji hatalijua kamwe.