Ni Wivu Tu

Jumanne moja ya Novemba 2023 niliona shimo la fuko kwenye tuta la shamba la mke wa shemeji yangu, nikapita. Alhamisi usiku mvua ilinyesha, zile za Elnino, na asubuhi tuta lilikuwa limepasuka. Mahindi ya mistari minane yalikuwa yamelala kwenye matope, na mbaazi zilizopandwa katikati yake zilikuwa zimesombwa hadi njiani. Nilisimama mlangoni nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Kabla ya huzuni, kabla hata ya kusema "pole", kitu fulani ndani yangu kilitulia. Nikajiambia: si kitu, ni wivu tu, kila mtu ana wivu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza hilo neno "wivu", na zaidi hiyo "tu" niliyoliwekea mkiani.

Tunaishi kwenye mteremko wa milima ya Iveti, hapa Machakos, na mashamba yetu mawili yametenganishwa na ua wa katani. Atakayejua mahali hapa atajua pia fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, upana na kina kama sentimita 60, na udongo wote unaurusha upande wa juu ndipo upate tuta. Tuta unalipanda nyasi. Mvua ikija, maji na udongo vinazuiwa nyuma ya tuta, na miaka ikipita shamba linakuwa ngazi. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Sisi wanawake tuliifanya kwa mwethya, kikundi cha kusaidiana, leo shamba hili, wiki ijayo lile. Kura ilipopigwa, yeye, ambaye hapa nitamwita Mama Mwende, alitoka wa pili. Mimi nilitoka wa kumi na moja. Kufikia zamu yangu ardhi ilikuwa imekauka kama tofali, watu wamechoka, na matuta yangu yakatoka mafupi. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yalisimama kijani wakati yangu yamejikunja majani.

Sasa, nilichokuwa nacho moyoni kinaitwaje?

Kiswahili kinatupa maneno mengi hapa, na mtu mvivu huyatumia yote kama mamoja: wivu, gere, kijicho, husuda. Wivu ndilo neno pana kuliko yote. Mume akimlinda mkewe kupita kiasi, ana wivu. Mtoto akiona nduguye kapata viatu vipya naye hakupata, anaona wivu. Hali hizo mbili si sawa. Wa kwanza anaogopa kupoteza alicho nacho, na wa pili anaumia kwa asicho nacho. Lakini zote mbili zinamtazama mwenye wivu mwenyewe: changu, changu, na mimi je? Husuda inatazama kwingine. Hasidi hahitaji kupata chochote. Anachotaka ni wewe ukose.

Nilipoanza kuwaza hivi nilienda kwenye Biblia ya Kiswahili tunayoisoma kanisani. Katika Kutoka sura ya 20, Mungu mwenyewe anaitwa mwenye wivu. Katika Mathayo sura ya 27, Pilato anatambua kwamba Yesu ameletwa kwake kwa husuda. Waliotafsiri walijua walichokuwa wakikifanya. Wivu unaweza kuwa wa Mungu, kwa sababu unaweza kuwa ulinzi wa kitu unachokipenda. Husuda hata siku moja haikuwekwa upande wake. Waislamu nao wana Sura ya Falaq, ya 113, inayomwomba Mungu kinga dhidi ya shari ya hasidi anapohusudu. Na wanazuoni wao wanatenganisha hasad, ambayo ndiyo husuda yetu, na ghibta: kutamani neema kama ya mwenzako bila kutaka imtoke. Ya pili hawaikatazi.

Halafu sikiliza jinsi tunavyosema. Wivu tunauona: "naona wivu." Kama vile tunavyoona haya, tunavyoona uchungu. Kwetu Kikamba hisia husikiwa, kwa kitenzi kilekile cha kusikia sauti. Kuona na kusikia ni mambo yanayomfikia mtu bila yeye kuyaita. Lakini husuda, watu wa pwani hulalamika kwamba wamefanyiwa. Mtu hufanyiwa husuda kama anavyofanyiwa fitina. Lugha imekwisha kuamua kwamba hii imevuka mlango wa moyo na kuingia mikononi.

Ndiyo maana wivu unasemeka. Rafiki akinunua pikipiki utamwambia huku ukicheka, "Nakuonea wivu!" naye atafurahi. Jaribu kumwambia, "Nina husuda nawe." Hakuna anayesema hivyo. Husuda na kijicho ni maneno ya nafsi ya tatu: fulani ana kijicho, wale majirani ni mahasidi. Ajabu ni kwamba hata kitenzi chake kimekimbia. Siku hizi mtu akisema "namhusudu sana mwalimu yule," aghalabu anamaanisha anavutiwa naye mno. Kitenzi kilipotaka kusemwa katika nafsi ya kwanza, ilibidi kwanza kioshwe. Nomino ikabaki na uchafu wake, na mwenyewe hapatikani.

Kwa hiyo nilipojiambia "ni wivu tu," nilikuwa nimechagua neno linalosemeka. Nililichagua kwa sababu halidai kitu. Kama ni wivu, basi umeniingia kama mafua, utapita, na sina la kufanya. Kama ni husuda, swali la pili linafuata papo hapo: umefanya nini?

Nilijaribu pia jina lingine, lenye heshima zaidi. Nilijiambia huo si wivu, ni uchungu wa kuonewa. Kwa nini yeye awe wa pili na mimi wa kumi na moja? Jina hili silidharau. Kuna watu wanaoulizwa walivyopata mali, nao hujibu kwamba wanaouliza wana wivu wa maendeleo. Hapo neno "wivu" linatumika kumziba mdomo mwenye haki yake. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Rhetoric, aliweka uchungu wa kuona mtu akifaulu isivyo haki mbali na husuda, na aliuhesabu kuwa hisia ya watu wema. Husuda, alisema, tunaielekeza kwa walio sawa nasi: wa rika moja, wa mahali pamoja, wa hali moja. Sijawahi kumhusudu mwenye shamba la maua kule Naivasha. Nilimhusudu mwanamke aliyeolewa boma moja nami, mwenye ardhi ya ukubwa uleule, aliyechimba kwa jembe kama langu.

Lakini uchungu wa kuonewa una kipimo chake: ukionyeshwa kwamba hakuna aliyekuonea, unapaswa kuisha. Mimi kura ilipigwa nikiwepo. Karatasi niliichota kwa mkono wangu kutoka kwenye sufuria. Nilijua hivyo, na bado sikupoa. Basi haukuwa uchungu wa haki.

Kipimo cha pili ni cha wivu. Tuseme mtu angekuja usiku akanichimbia matuta kama yake, marefu na imara. Je, ningetosheka? Misimu ya kwanza, naamini ningetosheka. Nilikuwa nakwenda kwake kuuliza amepanda nyasi gani, na nikarudi nikapanda nepia kama yeye. Ule ulikuwa wivu, au gere ukipenda, na uliniamsha mapema kwenda shambani. Kufikia 2023 mambo yalikuwa yamegeuka bila kunigongea mlango. Nilikuwa nimeacha kutazama shamba langu. Nilikuwa natazama lake, nikihesabu. Sitaki kudanganya kwamba kuna mstari uliochorwa ambapo kimoja kiliisha na kingine kikaanza. Siku moja ningeweza kuwa na vyote viwili kati ya asubuhi na jioni. Ila ukitaka kujua uko wapi, usijiulize unahisi nini, kwa maana maumivu yanafanana. Jiulize unangojea nini.

Mimi nilingojea mvua.

Jumanne ile nilijua nilichokiona. Upande wa chini wa tuta palikuwa na udongo laini umesukumwa nje, na pembeni yake pamelowa wakati kwingine kumekauka. Kila mtu wa hapa anajua maana yake: fuko ametoboa, na maji yaliyosimama nyuma ya tuta yameshaanza kuipata njia. Dawa yake pia inajulikana. Unachimbua tundu mpaka ukute udongo mgumu, unajaza udongo mbichi kidogo kidogo ukishindilia kwa mguu, kisha unapandikiza nyasi juu. Nusu saa, labda chini. Hata sikuhitaji kushika jembe. Nilihitaji kuita tu juu ya ua.

Sikutoboa tuta lake. Hilo nililikumbatia kwa siku kadhaa kama mtu aliyeshika risiti. Lakini husuda ya watu wengi, naona sasa, haitoboi chochote. Inapita njia, inaona, inanyamaza. Na ili iweze kunyamaza kwa amani inahitaji jina dogo. Jina langu lilikuwa "wivu tu". Kama ningeliita jambo lile kwa jina lake siku ya Jumanne, nadhani ningetishika. Hisia ingebaki palepale, sina nguvu ya kuifukuza. Lakini ni vigumu kusema "ninahusudu" kisha ukaendelea na safari kana kwamba umesema unaumwa kichwa.

Jumamosi mwethya uliitwa kuziba. Nilikwenda na sepetu yangu. Mama Mwende alikuwa amejifunga leso kiunoni, anajaza udongo kwenye pengo, hasemi mengi. Watu walimwambia pole, akajibu, "Ni mvua jamani, tutafanya nini."

Tulipobaki wawili upande wa juu nilimwambia, "Mama Mwende, lile shimo la fuko niliona."

Hakuinua kichwa. "Uliona lini?"

"Jumanne."

Aliendelea kushindilia, mguu huu, mguu huu. "Mvua ilinyesha Alhamisi," alisema.

"Ndiyo."

Hakuniita hasidi, na sikumwambia kwamba nimeshalitafuta neno hilo mwenyewe. Alininyooshea karai akasema, "Lete udongo," nikaenda kuleta. Tunasalimiana hadi leo, wala sijui kama amenisamehe, na si neno ninaloweza kumchagulia. Ila kila nikipita pale ninatazama chini ya tuta. Mara mbili tangu wakati huo nimeona udongo laini, na mara zote mbili nimeita.