Mkate wa Eliya na Shilingi Hamsini

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Jumapili hii nataka tuongee kuhusu sauti ile unayoisikia ukiwa peke yako baada ya kukosea. Wengi wetu tumefundishwa kwamba ukijikaripia vikali utabadilika, na kwamba ukijionea huruma utaharibika. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi, na nilikuwa nikihubiri hivyo.

Kuna ndugu mmoja hapa kwetu ambaye amenikubalia nisimulie habari yake bila kumtaja. Alikuwa amefungwa na kamari ya simu. Mwaka jana akaamua kuacha, na kweli akakaa wiki sita bila kuweka mkeka hata mmoja. Halafu ikaja Jumamosi moja, mshahara umeingia, mkewe ameenda ushago, mechi iko kwa runinga. Akajiambia, "Nimejitahidi sana, hata mimi ni binadamu. Acha nijituze kidogo." Saa kumi jioni akaweka shilingi 50. Mkeka ukachanika.

Sasa sikiliza kilichofuata. Aliniambia kwamba ile 50 ilipoenda hakuikasirikia 50, alijikasirikia yeye mwenyewe. "Wewe ni bure kabisa. Wiki sita zote ulikuwa unadanganya Mungu. Huwezi kubadilika, na babako alikuwa hivyo hivyo." Na baada ya maneno hayo, je, aliacha? Aliweka 200. Ikaenda. Akaweka 500. Ikaenda. Akachukua mkopo wa simu wa 3,000, na kufikia saa nane usiku yote ilikuwa imekwisha. Aliponiletea habari hii Jumatatu alisema, "Pasta, maji yakimwagika hayazoleki."

Nikamwambia ni kweli, lakini mtungi wako ulimwaga kikombe kimoja. Ni nani alikuambia uubinue wote?

Mnajua nilisomea biashara, kwa hivyo nilichukua kalamu. Hasara yote ni 3,750. Tukaigawa mara mbili. Shilingi 50 zilipotezwa na sauti ya kujidekeza, ile iliyosema jituze. Shilingi 3,700 zilipotezwa na sauti ya kujihukumu, ile iliyosema wewe ni bure. Akaangalia ile karatasi kwa muda mrefu sana.

Mbona ukali unafanya hivyo? Kwa sababu unaumiza, na mtu anayeumia hutafuta kitu cha kumtuliza haraka. Kwa huyu ndugu, kitu alichozoea kumtuliza ni kamari yenyewe. Kwa hivyo kadiri anavyojipiga ndivyo anavyokimbilia pale pale alipokatazwa. Halafu ukali hubadilisha jina la kosa. Badala ya "nimeweka mkeka," unasema "mimi ni mtu wa mikeka." Jambo ulilofanya unaweza kuliacha, lakini ukishaambiwa ndivyo ulivyo, utaacha nini?

Wasomi wawili wa Marekani, Claire Adams na Mark Leary, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka wa 2007. Walichukua wasichana wa chuo, wakawapa donati wale. Baadaye baadhi yao wakaambiwa maneno machache ya upole: kwamba kila mtu hula vitu kama hivi wakati mwingine, basi wasijionee vibaya. Wengine hawakuambiwa kitu. Kisha wote wakawekewa peremende, wakaambiwa waonje kiasi wanachotaka. Ungetarajia walioambiwa maneno ya upole wajiachilie. Lakini miongoni mwa wale waliokuwa wakijinyima chakula sana, walioambiwa upole ndio waliokula kidogo. Sasa, peremende si kamari, na hiyo ilikuwa siku moja tu. Ila nilipoisoma niliona ile Jumamosi ya ndugu yetu.

Najua mtu anauliza, "Pasta, si unatupa ruhusa ya dhambi?" Na kweli neno lenyewe lina shida. Kwa Kiswahili chetu, mtu "anayejihurumia" ni yule amekaa kwa kona akilia maisha yake. Si hilo ninalomaanisha. Twende kwa Eliya.

Eliya amemkimbia Yezebeli, ameingia jangwani mwendo wa siku nzima, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Ukisoma mstari wa 4, anajilinganisha na baba zake na kujiona si bora kuliko wao. Hiyo ni ile sauti ya saa nane usiku. Mungu anafanya nini? Hamkaripii. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili. Hiyo ndiyo huruma.

Lakini angalia malaika anachosema mara ya pili: ule, kwa sababu safari ni ndefu. Ule mkate ulikuwa wa safari. Eliya alitembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu. Na pale Horebu Mungu anamuuliza mara mbili anafanya nini huko, kisha anamrudisha kazini: ampake mafuta Hazaeli, ampake Yehu, ampake Elisha. Angekula ule mkate, alale tena, na kesho yake aombe mwingine, hapo tungesema amejidekeza. Mkate ni ule ule. Tofauti iko kwa alichofanya alipoinuka.

Kwa hivyo mimi hutazama kama kiasi kimetajwa. Kujidekeza hupunguza hesabu: "ni hamsini tu, hiyo si kitu." Kujihukumu huiongeza: "nimepoteza kila kitu." Huruma ya kweli husema ni 50, ilikuwa Jumamosi saa kumi, nilikuwa peke yangu na mshahara mfukoni. Nikiwa chuoni niliuza viatu vya mitumba. Wiki nzuri nilijaza kitabu cha hesabu. Wiki mbaya niliona aibu hata kukifungua. Ile biashara ilikufia kwa kurasa tupu.

Ndugu yetu tulianza na daftari. Akiteleza, aandike kiasi, saa, na alikuwa wapi. Chini yake aandike sentensi moja, ile angemwambia mdogo wake aliyefanya kosa hilo hilo. Ya kwanza aliandika hivi: "Umekosea, pesa imeenda, zima simu sasa, mpigie mtu kabla ya kulala." Nilimuuliza kama angemwambia mdogo wake kwamba ni bure kabisa. Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie ofisini.

Halafu kazi ikaanza, kwa sababu upole haulipi mkopo. Jumanne alimwambia mkewe yote, na haikuwa jioni rahisi. Walikubaliana mshahara utaingia kwa simu ya mke siku ya malipo, na mkopo pamoja na riba utoke kwa pesa yake ya chakula cha mchana, si kwa karo. Alifunga akaunti ya kamari. Na kwa kuwa kamari ikishamshika mtu maombi na daftari pekee huenda visitoshe, anaenda pia kwa mshauri nasaha.

Mwezi uliopita alinionyesha lile daftari. Lina mistari mitatu tangu wakati ule. Wa mwisho unasema: 100, Jumatano, saa tatu usiku. Chini yake ameandika, "Nimempigia Mama Watoto." Hakuna mstari mwingine siku hiyo.