KIKAO KIMEKWISHA, LAKINI MOYO BADO UMEKAA HUKO





Kuna taabu moja ambayo watu wengi wanayo na hawaisemi. Mtu anarudi kutoka arusini, matangani ama kwenye mkutano wa likelemba. Anakula, anaswali Isha, anazima taa. Hapo ndipo kikao kinaanza tena kichwani mwake. Anasikia neno alilolisema, anaona watu walivyomtazama, mwili unamwaka moto, anajifunika shuka usoni ijapokuwa chumbani hakuna mtu. Kesho yake, akiwa anafagia parsela ama anapima mchele sokoni, neno lile linarudi, naye anatoa sauti ndogo ya maumivu bila kutaka.

Leo tuulize swali moja: maumivu hayo ni dhamiri inayotuonya, ama ni kitu kingine kilichovaa nguo za dhamiri? Jibu lina faida, kwa sababu dhamiri inapaswa kusikilizwa, na hicho kingine kinapaswa kuachwa kipite.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna bwana mmoja amechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa kijana siku ya kutoa mahari. Anasimama, anatoa salamu, anamshukuru baba wa binti, na kwa bahati mbaya anamwita kwa jina la kaka yake mkubwa aliyefariki mwaka uliopita. Mtu mmoja anamsahihisha. Vijana wawili nyuma wanacheka. Yeye anaomba radhi, anataja jina la kweli, anaendelea. Mahari yanapokelewa, Fatiha inasomwa, pilau inaliwa, kila mtu anarudi kwake.

Usiku wa kwanza anakumbuka kwamba vijana wawili walicheka. Usiku wa tatu, katika kumbukumbu yake, nyumba nzima inacheka, mzee amekunja uso, na kimya kimekuwa kirefu kama saa nzima. Siku ya Ijumaa anakwenda kuswali msikiti wa kartie nyingine, ili asikutane na mzee.

Angalieni vizuri kilichotokea. Tukio lenyewe halikupita dakika moja. Lililokua ni picha. Na picha hiyo ina alama moja ya kuitambua: bwana huyu anajiona yeye mwenyewe, amesimama katikati ya watu, uso umebadilika, jasho linatoka. Lakini siku ile macho yake hayakuwa mbele ya uso wake! Hakuweza kujiona. Alichokuwa nacho ni joto la masikio na mapigo ya moyo, na kwa joto hilo akili imechora picha, kisha ikaiita kumbukumbu. Basi ndugu yangu, kila mara ukikumbuka kikao na ukaona sura yako mwenyewe kama mtu anayekutazama kutoka nje, jua kwamba hapo hukumbuki, unachora.

Na wale wengine, waliona kiasi gani? Mwaka 2000, mtaalamu wa Marekani aitwaye Thomas Gilovich na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya kwa wanafunzi. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye sura ya mwimbaji ambaye vijana wale waliona haya kumvaa, kisha akaingizwa katika chumba cha wenzake kwa muda mfupi. Alipotoka aliulizwa ni wangapi waliitambua sura ile. Kwa wastani walikisia karibu nusu ya watu. Walipoulizwa wale waliokuwa chumbani, walioitambua kweli walikuwa karibu robo tu. Sababu yake si ngumu. Kila mtu katika kikao anashughulika na nafsi yake: huyu anafikiri kama kanzu yake imekunjamana, yule mama anahesabu kama sahani zitatosha. Nao wakirudi kwao usiku, kila mmoja anarudia maneno yake mwenyewe, si ya kwako.

Sasa turudi kwenye swali letu. Dhamiri na marudio ya usiku vinafanana kwa kuwa vyote vinauma. Lakini vinatazama pande mbili. Dhamiri inamtazama mwenzako: je, nimemuumiza, nimechukua haki yake, nimevunja siri yake? Marudio yanakutazama wewe: nilionekanaje, watasema nini, wataniweka wapi? Wanavyuoni wetu wa zamani waliandika sana juu ya riya, yaani kufanya jambo jema ili macho ya watu yakusifu. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipewa jina hilo kwa sababu ya kuihesabu nafsi yake, naye aliichambua riya kwa kirefu. Mwenye riya anaishi kwa sifa za watu. Anayelala akijirudia anaishi kwa lawama zao, na mara nyingi ni lawama ambazo hazikutamkwa. Wote wawili wameweka kiti cha hakimu machoni pa watu.

Hii haina maana kwamba kila uchungu baada ya kikao ni wa bure. Kama katika kikao ulimsengenya mtu, ama ulifunua mbele za wageni jambo ambalo mkeo alikuambia kwa siri, uchungu huo unasema kweli, na usitafute dawa ya kuunyamazisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutenganisha.

Fanya hesabu mara moja, mchana, ukiwa umekaa, si usiku ukiwa umelala. Jiulize mambo matatu. La kwanza: ni maneno gani hasa yalitoka kinywani mwangu? Yaseme kama radio ingeyanasa, bila kuongeza uso wa nani ulikuwaje. La pili: nani alipata hasara, na hasara gani? La tatu: kuna jambo la kutengeneza?

Bwana wetu akifanya hesabu hiyo, anapata hivi. Maneno: alitaja jina la marehemu mahali pa jina la ndugu yake, kisha akasahihisha. Hasara: mahari hayakuharibika, lakini huenda mzee aliguswa katika msiba wake. La kutengeneza: lipo, na ni dogo. Basi anakwenda, anabisha hodi, anasema: “Baba, siku ile ulimi wangu uliteleza, nikakuita kwa jina la marehemu kaka yako. Unisamehe.” Maneno hayo tu. Hasemi namna alivyokosa usingizi, kwa sababu akisema hayo anamgeuza mzee kuwa mfariji wake. Huenda mzee akamjibu: “Mwanangu, jina lile sijalisikia tangu tumzike. Kaa, unywe chai.” Huenda pia akamjibu kwa baridi. Kwa vyovyote, fungu la bwana huyu limekwisha. Akirudi mara ya pili na ya tatu kuomba radhi ile ile, hatengenezi tena. Anatafuta kutulizwa, naye anamchosha mwenzake.

Na kama hesabu inaonyesha hakuna aliyepata hasara, kwa mfano ulitoa mzaha na hakuna aliyecheka, basi hakuna radhi ya kuomba. Kumwendea mtu kumkumbusha mzaha ambao ameusahau ni kumpa mzigo usio wake.

Hesabu ikiisha, picha bado inaweza kurudi usiku. Hapo wengi wanakosea njia: wanapigana nayo. Wanajiambia, “Nisifikiri tena, nisifikiri tena.” Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Marekani, waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia tena na tena. Na baadaye waliporuhusiwa kumfikiri, wale waliokuwa wamejizuia walimfikiri zaidi kuliko wale ambao hawakuzuiwa mwanzoni. Ni kwa sababu mlinzi anayesimama mlangoni kuangalia kama dubu amekuja, analazimika kumkumbuka dubu. Katika jaribio lao la pili, waliopewa kitu kimoja kingine cha kufikiria badala yake walipata nafuu.

Basi picha ikija, usiifukuze na usiikaribishe kwenye kiti. Itaje kwa jina lake, “hii ni ile ya mahari, hesabu yake imefungwa,” kisha rudisha akili kwenye kitu kimoja kilicho karibu: dhikri uliyoizoea, punje za tasbihi kidoleni, pumzi ya mtoto anayelala kando yako. Itarudi. Irudie kwa njia ile ile, bila hasira. Lengo si isije kabisa, bali ikija isikute mtu wa kubishana nayo. Na usimwamshe mkeo ama mumeo kumuuliza, “Walinicheka kweli?” Jibu lake litakutuliza kidogo, kesho utaliuliza tena.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na fikra za waswasi akazipa mlango wake. Aliwashauri wenye taabu hiyo wasijitenge peke yao na wasikae bila kazi. Ushauri huo unamgusa bwana wetu moja kwa moja. Alipohama msikiti aliipa picha nguvu, kwa sababu alijinyima nafasi ya kumwona mzee akimpa mkono kama kawaida. Ijumaa ijayo arudi katika safu yake ya siku zote.

Tena tunayo tayari njia ya kufunga kikao. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alitufundisha dua fupi ya kafara ya kikao, ambayo wengi wenu mnaijua. Inasomwa kabla ya kusimama, na ndani yake tunaomba maghufira. Isomeni mkijua maana yake: tumekaa wanadamu, tumesema mengi, mengine yametupita, tunayakabidhi kwa Mwenye kusamehe na tunasimama.

Neno la mwisho ni la mipaka. Kama marudio haya yanakunyima usingizi kwa wiki nyingi, ama umeacha kwenda arusini na matangani kwa kuogopa macho ya watu, usiyaite udhaifu wa imani, wala usikubali mtu akuambie hivyo. Ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu. Nenda kituo cha afya, mweleze muganga kama unavyoeleza homa.

Na wewe uliyecheka nyuma siku ile, unayo sehemu yako pia. Ukikutana naye, mpe mkono, umuulize habari za watoto.

Wasalaam aleikum.